Dakika Mbili Mkononi: Mjadala wa Kumtupia Neno Mwenzio Katika Darasa la Salsa

Katika darasa la salsa la wanaoanza, mwalimu hakuachi na mtu mmoja. Wanaoongoza husimama duara, wanaofuata husimama mbele yao, muziki hupigwa kwa dakika mbili hivi, kisha mwalimu hupaza sauti, "Badilini!" na kila anayefuata huhamia kwa jirani. Kabla saa haijaisha umeshashika mikono ya nusu ya ukumbi. Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watu wazima wasiojuana hukaribiana hivyo bila hata mmoja wao kuomba, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo ninalotaka lijadiliwe: mtu akimpenda mwenzie wa darasani, anaweza kuutumia mchezo wenyewe kumwambia?

Niliwaketisha watu wanne baada ya darasa la Jumanne, katika ukumbi mmoja wa Mikocheni, Dar es Salaam. Mwalimu ni mama anayefundisha salsa, bachata na kizomba tangu baadhi ya wanafunzi wake wakiwa shule ya msingi. Fundi ni kijana wa viyoyozi, yuko mwezi wa pili. Muuguzi ni dada anayefuata vizuri kiasi kwamba wanaoanza humwogopa. Mzee hajifunzi salsa. Humleta mjukuu wake na kumsubiri, lakini enzi zake alicheza sana muziki wa dansi, na nilijua hatanyamaza.

Fundi: Mimi nasema waziwazi. Kuna dada mmoja humu, leo hayupo, nampenda. Nikifika kwake nina dakika mbili. Jumanne iliyopita tulikuwa tunafanya ile krosbodi, ya kumpitisha mwenzio upande wa pili. Kila tukifika hesabu ya tano ananigonga bega. Nikamtania, "Mbona unawahi hivyo, unataka kunikimbia?" Akacheka kidogo. Nikarudia tena duru iliyofuata, hakucheka. Sasa sijui nilikosea wapi, maana utani ulitoka palepale kwenye mchezo, si maneno ya kuokota barabarani.

Mwalimu: Simama. Nionyeshe ulivyopiga hatua.

Fundi akasimama katikati ya ukumbi akacheza peke yake, akihesabu kwa sauti. Ieleweke kwamba salsa huhesabiwa nane, lakini hatua hupigwa kwenye moja, mbili, tatu, halafu tano, sita, saba; nne na nane huachwa zipite. Anayeongoza anaanza kwa mguu wa kushoto mbele kwenye moja, anarudisha uzito kwenye mbili, na kwenye tatu anatakiwa awe amegeuka upande wake wa kushoto, robo duara, ili mbele ya mwenzie pabaki wazi. Mwenzie ndiye anayepita hapo kwenye tano, sita, saba.

Mwalimu: Umeona? Kwenye tatu mguu wako umebaki palepale. Hukugeuka. Umempa mkono wa kumwambia "pita" na kifua cha kumwambia "simama". Yule binti hakuwahi. Alikuja kwenye tano kama alivyofundishwa, akakukuta umemsimamia njiani.

Fundi: Kwa hiyo nilimlaumu kwa kosa langu.

Mwalimu: Ulimlaumu huku unacheka, na hilo ni zito kuliko kulaumu tu. Akikubali utani, amekubali kwamba hajui kuhesabu. Akikataa, ameonekana hana ucheshi. Mara ya kwanza alicheka kwa adabu. Mara ya pili adabu ikaisha.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana nimeona jambo hili katika kila darasa nililowahi kuliangalia. Anayempenda mwenzie hujigeuza mwalimu wake. "Legeza bega." "Usitazame chini." "Ngoja nikuonyeshe." Anadhani anatumia mchezo kama daraja la mazungumzo, na ni kweli mchezo una maneno tele ya kuazima, lakini ameazima yale ambayo si yake kuyatumia. Kumsahihisha mtu ni kazi ya aliyelipwa kuifanya. Na mwanafunzi wa miezi miwili, kama alivyoonyesha Fundi, mara nyingi hata kosa lenyewe hajalijua ni la nani.

Muuguzi: Angesema nini basi? Maana mimi sitaki tumtishe kaka huyu aache kuongea kabisa. Wanaonyamaza kama wako mtihani nao wanachosha.

Mwalimu: Angesema lililo lake. "Samahani, nimekuzibia njia. Ngoja niifungue." Akaifungua. Basi.

Fundi: Hapo neno la kuchombeza liko wapi?

Muuguzi: Liko duru inayofuata. Mmebadilishana, amecheza na watu wanane, amerudi kwako. Unamwambia, "Nimefanya mazoezi ya hatua ya tatu kwa watu wote hawa, nikingoja urudi uone njia iko wazi." Hapo mimi nitatabasamu hata kama sikutaki. Umeniambia kwamba katikati ya watu wote ulikuwa unanikumbuka mimi, lakini umelisemea kwenye mguu wako. Nikitaka nitajibu, "Haya, tuone kama kweli." Nisipotaka nitasema, "Vizuri, inabidi ugeuke zaidi kidogo." Yote mawili ni majibu mazuri na hakuna aliyeaibika.

Fundi aliliandika lile neno kwenye simu yake. Muuguzi akamkataza, akamwambia likisomwa litasikika limesomwa. Jumanne ijayo mtakuwa mnajifunza kitu kingine, na neno lazima litoke kwenye hicho. Mwalimu alimuunga mkono. Lakini yaliyomo katika mfano ule yanastahili kukumbukwa: neno linamhusu msemaji mwenyewe, limetoka kwenye jambo ambalo wote wawili wamelipitia, na aliyeambiwa anaweza kulijibu kama salsa tupu. Uwezo huo wa kulijibu kama salsa tupu ndio ninaouona mkubwa kuliko vyote, nami niliwaambia hivyo. Hapo Mzee akakohoa.

Mzee: Wanangu, mnazunguka mbali. Sisi tulikuwa na Mlimani Park, ilianza 1978, Gurumo na Bitchuka wakiimba. Kabla yake tulicheza NUTA Jazz. Hakukuwa na duara wala kuhesabu. Unamwona binti mezani, unakwenda, unamsalimu kwanza yule aliyekuja naye, kaka yake au shangazi, halafu ndio unaomba wimbo. Ukiisha unamrudisha kwenye kiti chake kilekile. Namna ya kumshika ni hivi, mkono wa kulia mgongoni, bega lisipande. Mama yenu nyumbani nilimpata hivyohivyo.

Muuguzi: Shikamoo baba, lakini hatuulizi namna ya kumshika. Tunauliza namna ya kumsemesha.

Mzee: Marahaba. Mimi nasema ukimshika vizuri hutahitaji kumsemesha.

Muuguzi: Hapo ndipo ninapokataa kabisa, baba, kwa heshima zote.

Mzee alikuwa ameelewa swali vibaya, nadhani hata yeye alijua, lakini katika simulizi yake kulikuwa na kitu ambacho sisi tuliozoea madarasa tumekisahau. Yule binti wa mezani aliombwa. Angeweza kusema miguu inamuuma. Alipokubali wimbo mmoja alikuwa ameshatoa ndiyo yake ya kwanza, ndogo, lakini yake. Darasani hakuna aliyeombwa. Mwalimu amesema "Badilini!" na mtu ameletwa mbele yako na duara. Hukuchaguliwa. Kiganja kilichoko kwenye chako kimewekwa pale na somo, na usiku huohuo kitawekwa kwenye viganja vingine vingi. Mtu akihesabu ukaribu huo kama dalili ya kupendwa, ameanza kusoma kitabu ambacho hakijaandikwa.

Nilipolisema hilo, Muuguzi aliegemea mbele. Alikuwa na lake, na naliandika kama alivyolisema.

Muuguzi: Kuna wanaume wasiosema neno lolote. Wanasema kwa mkono. Katika salsa mkono wa kulia wa anayeongoza unakaa kwenye mfupa wa bega langu, hapa, juu. Ukiwa hapo nasikia kila anachotaka. Sasa mtu anaanza hapo, wimbo ukifika katikati umeshuka chini ya mbavu, ukiisha uko kiunoni. Au ananikunakuna kiganja kwa kidole gumba. Anadhani ameniambia jambo tamu. Mimi nitamjibuje? Nikiuachia mkono nimevunja mchezo mbele ya watu. Nikinyamaza anahesabu nimekubali. Neno nitalijibu kwa neno. Mkono sina cha kuujibu nao.

Fundi: Lakini dada, kizomba si wanagusana vifua kabisa? Na bachata? Hapo mtu atajuaje kuwa ni mchezo au ni zaidi?

Mwalimu: Swali zuri, na nusu yake ni kweli. Kizomba ilipotokea kule Angola, miaka ya 1980, ilikuwa ya kukumbatiana, na bila kukumbatiana haichezeki vizuri, maana ishara zinatoka kifuani. Lakini umbali anaupanga anayefuata. Tazama mkono wake wa kushoto. Ukiwa umetua nyuma ya bega lako, amekuja karibu mwenyewe. Ukiwa mbele ya bega, na ule mkono kutoka kiwiko hadi kiganja umekaza kama ubao, amekuwekea mpaka. Wewe unamwachia nafasi, unaendelea kucheza, wala humuulizi kwa nini. Hiyo ni lugha ya mchezo, na anayeijua haihitaji tafsiri.

Fundi: Kwa hiyo akija karibu mwenyewe ni dalili.

Mwalimu: Ni dalili kwamba anacheza kizomba.

Kimya kidogo kikapita. Mwalimu hakuwa anamkejeli kijana. Alikuwa akisema kitu ambacho mtu huchukua muda kukiamini. Mchezaji mzuri atakukumbatia wimbo mzima, macho yamefumbwa, kisha akushukuru na kwenda kumkumbatia mwingine vilevile, na pote alikuwa mkweli. Alikuwa anausikiliza muziki. Kwa hiyo dalili haitafutwi ndani ya wimbo, ina mahali pengine.

Mwalimu: Na upande wa pili nao msiukosee. Wanaoanza hunyamaza na kununa kwa sababu wanahesabu. Salsa ni ya haraka. Mtu wa mwezi wa kwanza hawezi kuhesabu, kusikia mkono wako na kujibu utani, vyote kwa pamoja. Ukimsemesha kwenye tano atapotea kwenye sita. Atakasirika, na utadhani anakuchukia. Msubiri. Ninapozima muziki nieleze kosa, ninapotafuta wimbo mwingine, mtu anapokwenda kunywa maji, hapo ndipo maneno yanapoingia. Wimbo ukiwa unapigwa, mcheze.

Muuguzi: Na dalili ni moja tu mimi ninayoiamini. Je, amesema kitu ambacho somo halikukihitaji? Ukimwambia njia iko wazi akajibu "sawa", amejibu somo. Akijibu, "Afadhali, maana bega langu lilishaanza kuuma, na kesho nina zamu ya usiku," amekupa kitu chake cha nje ya ukumbi bila kuulizwa. Hapo unaweza kuuliza zamu ya wapi.

Fundi: Wewe ulishawahi?

Alicheka, lakini alijibu. Nilifurahi alivyojibu, kwa sababu mijadala ya namna hii huwasahau wanaofuata, kana kwamba kazi yao ni kungoja tu kutupiwa neno.

Muuguzi: Nilishawahi. Kulikuwa na kaka mmoja alianza akiwa na mkono mzito, akikugeuza unaona kama anafungua koki iliyoshika kutu. Anayeongoza akitaka kunigeuza kulia, anainua mkono kwenye moja, mbili, tatu, nami nageuka kwenye tano, sita, saba. Yeye aliuinua na kuuvuta papo hapo. Halafu wiki moja akaja, mkono umetulia, unainuka polepole, unaning'inia juu ya kichwa changu bila kunisukuma. Nikamwambia, "Leo mkono wako umetulia. Umemfanyia nani mazoezi?" Akasema, "Mlango wa kabati." Nikacheka hadi nikakosa hatua. Kisha akaongeza kwamba mdogo wake alimkuta anahesabu mbele ya kabati, akampigia simu mama yao. Sikumuuliza habari za mdogo wake wala mama. Alinipa mwenyewe.

Mzee: Mkaoana?

Muuguzi: Hapana, baba. Tulikwenda kula chipsi mara mbili tatu, basi. Bado tunacheza pamoja, na ndiye ninayempenda kuliko wote humu kucheza naye.

Mzee alionekana kuhuzunika kidogo. Mimi niliona kwamba mfano huu, uliokwisha bila ndoa, ndio uliokuwa na faida kubwa zaidi mezani. Sifa yake ilikuwa ya kitu mahususi alichokiona kwa jicho la mchezaji. Mtu asiyefuata asingeweza kuisema. Ilikuwa na swali ndani yake lenye njia mbili, ya kabati na ya moyo. Na jambo lilipoishia hapo, hakuna aliyehama darasa.

Hilo la kuhama darasa ndilo lililoleta ubishi wa kweli. Kozi ya wanaoanza huenda wiki nyingi. Mtu akiomba na akakataliwa Jumanne ya tatu, Jumanne ya nne duara litamleta tena mbele ya yuleyule, mikono ishikane, mwalimu ahesabu.

Muuguzi: Ndiyo maana mimi nasema angoje kozi iishe. Nimeona wasichana wakiacha, na ada wameshalipa, kwa sababu ya mtu mmoja wa kumkwepa kila duru. Na anayeacha huwa karibu kila mara ni yule aliyeombwa. Aliyeomba hubaki.

Mwalimu: Hilo la kuacha ni kweli, na linaniuma. Lakini kungoja miezi miwili huku unamtazama mtu kila wiki kunalifanya ombi liwe zito. Akija kusema, amebeba mzigo wa miezi miwili na anakutwisha wewe. Heri aombe mapema, lakini aombe kidogo. Sisi tuna usiku wa kucheza, mwisho wa wiki, ambako hakuna duara. Kule kila mtu anaomba na kila mtu anakataa, ni kawaida. Unaweza kusema "nimechoka, baadaye" na hakuna anayekumbuka. Akamuombe pale. Wimbo mmoja.

Fundi: Tunacheza kila Jumanne, kuna tofauti gani?

Mwalimu: Jumanne mimi ndiye nimekupa. Kule atakupa yeye. Mwambie hivyo hivyo ukitaka: "Leo hakuna wa kukulazimisha, nakuomba wimbo mmoja." Ni dakika nne au tano. Akikubali, mcheze vizuri, hatua tatu nne unazozijua, usimrushie mizunguko mipya. Ukiisha, fanya kama Mzee alivyosema, mrudishe alipokuwa. Usimng'ang'anie mkono ukisubiri wimbo wa pili uanze. Akibaki mwenyewe, hapo una la kusema. Akiondoka, amekupa wimbo mmoja kama ulivyoomba, na Jumanne mtashikana mikono bila mtu kuona haya.

Muuguzi: Na akisema hapana hata huo wimbo mmoja? Mwalimu, wewe unamwona mwanamume atakayeipokea. Mimi namwona yule atakayekuja Jumanne amenuna, anivute mkono kwa hasira kwenye kila mzunguko. Huyo nitamfanyaje?

Mwalimu: Unaniambia mimi. Namtoa kwenye duara.

Muuguzi: Uliwahi kumtoa mtu?

Mwalimu alikubali kwamba amewahi, lakini mara nyingi aliambiwa baada ya dada kuacha. Hapo ndipo mimi mwenyewe sikuweza kuchagua upande. Moyo wangu uko kwa Mwalimu: ombi dogo lililotolewa mahali penye uhuru wa kukataa ni bora kuliko kubwa lililochelewa. Lakini Muuguzi anazungumzia gharama ya ombi pale linapopokelewa vibaya, na gharama hiyo hailipwi na aliyeomba. Katika darasa lenye mwalimu asiyesikia, au mwalimu ambaye ndiye anayechombeza, sioni ushauri wa Mwalimu ungesimama wapi. Hata yeye alilitaja bila kuulizwa: kwamba amewakataza wasaidizi wake wote kumtaka mwanafunzi kabla kozi haijaisha, maana msaidizi akikwambia "mkono wako mzuri" hujui kama ni alama ya somo au ni kitu kingine, na hakuna njia ya kuuliza.

Fundi: Basi mimi nifanye nini Jumanne? Yeye anadhani namlaumu.

Muuguzi: Mwambie kosa lilikuwa lako.

Fundi: Moja kwa moja hivyo?

Muuguzi: Kabla muziki haujaanza. "Wiki ile nilikuambia unawahi. Mwalimu amenionyesha, mguu wangu ndio uliochelewa." Usiongeze neno.

Fundi: Nisiseme kwamba nimefanya mazoezi nikimngoja?

Muuguzi: Wewe umefanya mazoezi?

Hakuwa amefanya. Mwalimu akasukuma viti pembeni, akamsimamisha Muuguzi mbele ya Fundi, akaanza kuhesabu kutoka moja.